Sura ya Tano: Mtu wa Kati

Katika nyumba za vijijini Jordan, mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuigusa, mwenyeji anajua kwamba huyu hakuja kusalimia tu. Kikombe chenyewe ni kidogo, hakina mkono, na ndani yake mna mafunda mawili matatu ya kahawa chungu yenye hiliki. Mgeni hatainywa mpaka asikie kwamba haja yake imekubaliwa. Mwenyeji akisema, "Kunyweni kahawa yenu," mambo yamekwisha. Asiposema, kahawa inapoa mbele ya watu wote, na aibu inawapata wote wawili, aliyeomba na aliyeombwa.

Msafara wa wazee wanaokuja na haja ya namna hii unaitwa jaha. Unatumwa kuposa, na ndiyo jaha yenye furaha. Lakini unatumwa pia pale damu inapomwagika. Tuseme dereva wa ukoo mmoja amemgonga mtoto wa ukoo mwingine barabarani, mtoto akafa. Kabla polisi hawajamaliza kupima alama za matairi, wazee wa upande wa dereva huwa wameshatafuta mtu mzito wa ukoo wa tatu, asiye na upande, aende kwa wafiwa. Anachoomba usiku ule si msamaha. Anaomba muda. Muda huo unaitwa atwa, na kwa desturi ya kale atwa ya kwanza katika kesi ya damu ni siku tatu na theluthi, hasira zipate kushuka. Baadaye ataomba atwa nyingine iliyo ndefu zaidi, wataweka wadhamini, na mwisho wa safari hiyo kutakuwa na suluhu na, mara nyingi, fidia.

Mzee yule hakulipwa kitu. Alichoweka rehani ni uso wake. Kwa Kiarabu husema hivyo hasa, kwamba jambo limo usoni mwake, na Mswahili haelezwi mara mbili maana ya mtu kuvunjiwa uso. Mmoja wa wafiwa akilipiza kisasi ndani ya siku tatu zile, anakuwa amemkosea mzee wa kati kuliko alivyomkosea adui yake.

Kazi ya mzee huyu, kwa jina lake la asili, ni wasta.

Neno linatokana na wasat, yaani katikati. Sisi Waswahili tuna ndugu yake mmoja, wastani, tunayemtumia kwenye hesabu na mvua. Katika Kiarabu cha kuandika ni wasata. Mitaani ni wasta, na linamtaja mtu na tendo kwa pamoja: unaweza kuwa na wasta, kufanya wasta, au kuuliza wasta wa fulani ni nani. Mwenye wasta kubwa husemwa ana mgongo, na asiye nayo hana mgongo. Vijana wa Amman huiita vitamini wau, kwa herufi ya kwanza ya neno hilo, kwa sababu anayeikosa hakui. Wamisri wao huiita kosa, ambalo kwao ni jina la mboga, mumunye mchanga. Wanasimulia kwamba wachuuzi wa mboga hiyo waliruhusiwa kupita mbele ya foleni sokoni kwa kuwa inaharibika upesi, ndipo kila anayepita mbele ya wenzake akawa kosa. Sijui Mmisri angesema nini akiambiwa neno lake lina maana gani Dar es Salaam.

Sisi tuna majina yetu. Mtanzania anasema kujuana, anasema vimemo, na kwa mzaha anasema undugunaizesheni. Lakini angalia tofauti. Majina yetu haya yalizaliwa kwa kulaumu. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu marehemu msibani kwamba alikuwa hodari wa vimemo. Wasta ilizaliwa kama sifa, tena sifa ya watu wazima, na lawama ikaikuta njiani. Ndiyo maana Mjordani mmoja anaweza kuilaani wasta asubuhi akiwa kwenye foleni, na jioni akamsifu ami yake kwamba ni mtu wa wasta, bila kuona kwamba amejipinga. Anazungumzia vitu viwili vyenye jina moja.

Vilipata vipi jina moja? Dola ndiyo iliyovikutanisha. Mwaka 1921 Waingereza walipomweka Amiri Abdallah kule Transjordan, nchi ilikuwa na koo zenye nguvu na serikali isiyo na kitu. Serikali ikajijenga kwa mishahara, hasa ya jeshi. Kijana wa kibedui aliyeingia jeshini alileta nyumbani fedha taslimu mahali ambapo mvua ilikuwa haitabiriki. Baada ya vita vya 1970 baina ya jeshi na wapiganaji wa Kipalestina, kazi za serikali na ulinzi zikazidi kuwa za wenyeji wa ng'ambo ya mashariki ya mto, na Wajordani wenye asili ya Palestina wakaelekea zaidi kwenye biashara na sekta binafsi. Mzee aliyekuwa akienda kuomba atwa sasa ana mlango mwingine wa kubisha, nao ni ofisi ya mkurugenzi. Anaubisha kwa adabu ile ile, kwa uso ule ule. Kilichobadilika ni kile anachoomba. Suluhu haina mwisho: wawili wakipatana, hawakumnyima wa tatu amani. Nafasi ya kazi ni moja, na ukimpa huyu umemnyima yule.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote, na naomba tupafuate polepole kwa mfano wa kijana mmoja. Si mtu halisi. Nimemtunga kutokana na mambo yanayowapata wengi, ili tuone hatua zenyewe.

Kijana ni wa mkoa wa Karak, kusini. Ana shahada ya uhandisi wa umeme, alama zake nzuri lakini si za ajabu. Akihitimu, anafanya alichofanya kila mhitimu kwa miaka mingi: anajiandikisha Diwani ya Utumishi wa Umma, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1955. Diwani ilipanga waombaji kwa pointi. Ulihesabiwa mwaka uliohitimu, mwaka ulioomba, alama za chuo, alama za mtihani wa sekondari, na kadhalika, kisha ukapewa namba yako katika foleni ya watu wa fani yako na mkoa wako. Foleni ile ilifika kuwa na watu zaidi ya laki nne katika nchi ya watu milioni kumi na kitu. Kwa fani zilizojaa, kungoja miaka kumi hakukuwa jambo la kushangaza. Wapo walioitwa kazini mvi zimeshaanza.

Kijana anangoja mwaka, anangoja wa pili. Anauza simu dukani kwa shemeji yake. Siku moja mamake anasikia kwenye harusi kwamba kampuni moja ya umma, isiyoajiri kupitia foleni ya Diwani, itachukua wahandisi wanne. Tangazo halijatoka. Hii ndiyo wasta ya kwanza, na wengi hawaioni kuwa wasta kabisa: kujua mapema. Haikumgharimu mtu yeyote simu hata moja.

Baba anakwenda kwa kaka yake mkubwa. Kaka mtu hamjui mkurugenzi wa kampuni, ila anamjua kanali mstaafu aliyetumikia jeshi pamoja na binamu wa mkurugenzi. Kanali anapokea wageni, kahawa inakuja, inawekwa chini. Baba haombi kazi moja kwa moja. Hilo lingekuwa utovu wa adabu. Anaeleza hali ya kijana. Kanali anauliza maswali mawili: amesoma nini, na kwao wangapi wana kazi. Swali la pili ni la muhimu kuliko la kwanza. Nyumba isiyo na mshahara hata mmoja ina haja nzito, na mtu mzito hataki kuutumia uso wake kwa nyumba iliyoshiba. Anasema, "Kunyweni kahawa." Kesho yake anapiga simu.

Simu ile ina maneno gani? Haina amri, haina ahadi ya fedha. Kanali anamwambia binamu, naye anamfikishia mkurugenzi, kwamba kuna kijana wetu, mtoto wa watu wema, karatasi zake zimo, mkiweza kumwangalia. Basi. Mkurugenzi hakuvunja kifungu chochote kwa kulisikia hilo. Lakini sasa ana mafaili mia tatu mezani, na moja lina uso. Akiliweka kando, ni lazima akutane na binamu yake kwenye msiba ujao akiwa na maelezo. Mafaili mengine yote akiyaweka kando, hakuna atakayemuuliza.

Kijana anaitwa kwenye usaili, anajibu vizuri, anaajiriwa. Ukiwauliza waliohusika, wote watakuambia kwamba walitenda wema, nao hawasemi uongo. Baba amemhangaikia mwanawe. Kanali ameinua nyumba iliyoanguka. Mkurugenzi amepata mhandisi anayefaa, tena aliyedhaminiwa na watu ambao wataona haya akiwa mwizi au mvivu. Hoja hii ya mwisho isipuuzwe. Katika nchi ambako vyeti ni vingi na barua za sifa zinafanana, kumjua aliyemleta mtu ni njia ya kumjua mtu.

Aliyeumia ni nani? Ni binti wa Zarqa, labda, mwenye alama za juu kuliko zake, ambaye baba yake ni fundi gari na ukoo wake hauna kanali. Yeye hakuwepo sebuleni. Hajui kwamba alikuwa wa nne na sasa ni wa tano. Hakuna barua itakayomwambia. Anachojua ni kwamba hakuitwa, na kwa kuwa kila mtu anasema kazi ni za wenye mgongo, anaamini hivyo hata pale ambapo kweli alishindwa kwa haki. Wasta inatendwa mbele ya macho ya anayefaidika, na inamfika anayeumia bila jina wala uso. Kwa hiyo hukumu mbili za watu juu yake hazitokani na tabia mbili, za wema na wabaya. Zinatokana na mahali mtu aliposimama siku ile. Kijana wa Karak mwenyewe, miaka miwili dukani, alikuwa akiilaani.

Na kuna baya jingine ambalo hata wenye wasta hulilalamikia. Kila anayejua kwamba wenzake wana simu, atatafuta simu. Mwishoni wahandisi kumi wana simu kumi, zinafutana, na anayeshinda ni mwenye simu nzito zaidi. Wale wengine tisa wametumia deni la heshima bila kupata kitu, na bado wasingethubutu kutolitumia. Katika hali hiyo wasta haikusogezi mbele. Inakuzuia tu usirudi nyuma. Ndivyo ilivyo kwenye mambo madogo pia. Mtu anatafuta wasta ili faili lake la ardhi litoke kwenye droo, jambo ambalo ni haki yake tangu mwanzo. Hakumpita yeyote kwa haki isiyo yake, ila amemfundisha karani kwamba faili lisilo na simu linaweza kungoja.

Waislamu wengi wa Jordan wakibishana juu ya jambo hili hukimbilia neno lenye umri mkubwa zaidi, shafaa, yaani kumwombea mtu kwa mwingine. Kurani, katika sura ya Nisaa aya ya 85, inaigawa shafaa mafungu mawili: anayeombea jema ana fungu lake katika hilo jema, na anayeombea ovu ana mzigo wake. Hadithi mbili zinazojulikana sana zinaonyesha mpaka ulipo. Katika moja, mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzumu aliiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, amwombee asiadhibiwe. Mtume alikasirika, akasema waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa akiiba na kumwadhibu mnyonge. Hii ndiyo inayonukuliwa na wapinzani wa wasta, na inastahili.

Ya pili hunukuliwa mara chache zaidi, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Barira alikuwa mjakazi aliyeachwa huru, na kwa uhuru wake akapata haki ya kumwacha mumewe, Mughithi, ambaye bado alikuwa mtumwa. Akamwacha. Mughithi akawa anamfuata njiani Madina, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza: unaniamuru? Akajibiwa kwamba hapana, anamwombea tu. Barira akasema basi hana haja naye. Na yakaishia hapo; hakuchukiwa wala kusumbuliwa.

Mlinganishe Barira na mkurugenzi wetu. Aliyemwombea Barira hakuwa na mkubwa kuliko yeye katika mji mzima, na bado jibu la hapana liliwezekana. Mkurugenzi ameombwa na kanali mstaafu asiye na cheo chochote juu yake, na hapana yake ina gharama msibani, harusini, na siku mwanawe mwenyewe atakapotafuta kazi. Ombi ambalo huwezi kulikataa ni amri iliyovaa kanzu ya ombi. Nadhani hapo pana kipimo kizuri kuliko kile cha kuuliza kama fedha zilitolewa.

Sheria ya Jordan ilichagua kipimo kingine. Mwaka 2006 ilipoanzishwa tume ya kupambana na rushwa, sheria yake iliorodhesha matendo yanayohesabiwa kuwa ufisadi, na miongoni mwake ikaweka wasta na mahsubiya, yaani upendeleo wa kubebana. Lakini haikusema wasta yote. Ilisema ile inayofuta haki au inayohalalisha batili. Waliotunga walijua wanaandika kwa ajili ya nchi ambayo migogoro yake mingi humalizwa na wazee wenye kahawa. Wasingeweza kumfanya mzee wa jaha kuwa mhalifu. Maneno ni mazuri, na yanakaribia sana aya ile ya Nisaa. Tabu yake iko kwenye ushahidi. Ili uthibitishe kwamba haki ya mtu imefutwa, lazima kwanza ijulikane haki hiyo ilikuwa ya nani. Binti wa Zarqa atathibitisha vipi kwamba alikuwa wa nne?

Hapa ndipo foleni ya Diwani, pamoja na uzito wake wote, ilipokuwa na faida. Namba yako ilijulikana. Aliyekuruka alionekana. Kwa hiyo wasta, kama maji, haikupanda huko kwenye namba. Ilitafuta pa chini. Mwalimu aliteuliwa kwa pointi zake akapelekwa kijiji cha mbali kusini, na wasta ikaanza kazi siku ya pili, kumhamishia karibu na kwao. Wizara zilichukua vibarua wa siku, wanaoitwa wafanyakazi wa muyawama, bila foleni, kisha vibarua wakadai waajiriwe moja kwa moja, wakiwamo wale wa wizara ya kilimo walioandamana tangu 2006. Kampuni za umma ziliajiri kwa usaili. Na wabunge, ambao wananchi wamewabatiza jina la wabunge wa huduma, walizunguka ofisini na mafungu ya karatasi za wapiga kura: huyu uhamisho, huyu kazi, huyu msamaha wa gharama za hospitali. Mbunge asiyefanya hivyo anaweza kuwa na hotuba nzuri kuliko wote na asirudi bungeni. Si haki kumcheka. Waliomchagua walimtuma kama jaha.

Mfalme Abdallah wa Pili aliandika juu ya hili katika waraka wake wa sita wa majadiliano, Oktoba 2016, akisema wazi kwamba vijana wanavunjwa moyo na wasta na upendeleo. Mwaka 2024 Diwani ikavunjwa, ikachukuliwa na chombo kipya kinachosimamia utumishi, na mpango ukawa kuiacha foleni ya zamani hatua kwa hatua na kuajiri kwa matangazo ya wazi, mitihani na usaili. Waliongoja miaka minane walipiga kelele. Wengine waliona wamedhulumiwa namba yao. Wengine waliogopa kitu rahisi zaidi: usaili ni chumba, na chumba kina simu.

Takwimu moja inafaa kuwekwa hapa. Shirika la Transparency International, katika uchunguzi wake wa nchi za Kiarabu uliotolewa mwaka 2019, liliuliza kwa mara ya kwanza juu ya wasta kando ya hongo. Jordan, kati ya waliotumia huduma za umma mwaka uliotangulia, asilimia 4 walisema walitoa hongo. Waliosema walitumia wasta walikuwa asilimia 25. Watu wale wale, kaunta zile zile. Karani ambaye angetupiwa bahasha usoni akakasirika kweli, anapokea simu ya ami yake na kusimama. Ndiyo maana nasema anayeipiga vita wasta kwa silaha za kupigia rushwa anakosea adui. Mla rushwa anajua kwamba anaficha. Mwenye wasta hana anachoficha, anajivunia.

Kijana wetu wa Karak, akidumu miaka kumi na tano kwenye kampuni ile, atakuwa mkuu wa idara na atakaa kwenye meza ya usaili. Simu zitaanza kuja, ya kwanza ikiwa ya mjukuu wa kanali. Sheria ya 2016, iliyounganisha tume ya kupambana na rushwa na ofisi ya malalamiko ya wananchi, haikubadili kipimo cha ile ya 2006. Ilirudia maneno yale yale, haki inayofutwa na batili inayohalalishwa. Kuipokea simu yenyewe si kosa la jinai Jordan.